Kijitabu cha Rozari kwa wazee: kukuza herufi peke yake hakutoshi

Ukimwomba kijana wa steshenari akutengenezee kijitabu cha sala chenye maandishi makubwa kwa ajili ya wazee wa jumuiya, mara nyingi atafanya moja kati ya mambo mawili. Ama atakiweka kijitabu cha zamani kwenye kioo cha fotokopi na kukikuza kutoka A5 hadi A4, ama, kama ana faili yake, atachagua maandishi yote na kubadilisha namba kutoka 11 kwenda 18. Kwa njia yoyote kati ya hizo herufi zitakuwa kubwa kuliko za mwanzo. Bibi atakipokea kijitabu kwa shukrani, atakiweka kabatini, na jioni ataendelea kusali kwa kumbukumbu.

Hesabu yenyewe inaonyesha tatizo liko wapi. Kukuza A5 hadi A4 ni asilimia 141, kwa hiyo herufi ya pointi 11 inafika pointi 15 na nusu. American Printing House for the Blind, taasisi ya Marekani inayochapa vitabu vya wasioona na wenye uoni hafifu tangu karne ya 19, inapendekeza kuanzia pointi 18. Hata baada ya kukuza, basi, bado hujafika. Na mashine haikuzi herufi tu. Inakuza pia wino uliofifia, kivuli cha mkunjo wa katikati, na mistari iliyobanana. Mzee anabaki na karatasi pana ya A4 inayolegea mkononi, yenye maandishi ya kijivu.

Njia ya pili ina mtego wake. Herufi ikipanda kutoka 11 hadi 18 inapanuka na pia inarefuka, kwa hiyo nafasi inayokula inakaribia mara tatu. Ongeza mwanya wa kutosha kati ya mistari, na ukurasa wa A5 uliokuwa ukibeba maneno 300 na kidogo sasa utabeba karibu 100. Kijitabu cha kurasa 24 kinazidi kurasa 70. Sala zinakatika popote kurasa zinapoishia, kichwa cha tendo kinabaki chini ya ukurasa mmoja na maelezo yake yanaangukia ukurasa unaofuata.

Kwa hiyo swali la kuanza nalo silo la ukubwa wa herufi. Anza kwa kuuliza ni maneno yapi msomaji anayahitaji kwa macho, na yapi hayaruhusiwi kutenganishwa na ukurasa. Hayo yakishajulikana, ukubwa wa herufi, aina ya fonti na idadi ya kurasa vinafuata vyenyewe. Nitatumia mfano wa Rozari, kwa sababu ndicho kijitabu kinachoombwa zaidi parokiani, na kwa sababu matumizi yake yana masharti ambayo kitabu cha kawaida hakina.

Mkono mmoja uko kwenye rozari

Anayesali Rozari ana mkono mmoja tu wa kushikia kijitabu. Mwingine unahesabu punje. Jambo hili dogo linaamua mambo mengi. Kijitabu kisiwe kizito, kisijifunge chenyewe, na kisimlazimishe mtu kugeuza ukurasa katikati ya Salamu Maria kumi za tendo moja. Kila anapogeuza, inabidi aiachie punje aliyokuwa ameishika, alambe kidole, atenganishe karatasi, atafute mstari, kisha arudi kutafuta punje. Wenzake wakati huo wameshasonga Salamu Maria tatu mbele.

Mzee aliyesali Rozari kwa miaka hamsini hahitaji kusomewa Salamu Maria. Anachohitaji macho ni kile kinachobadilika, yaani tendo la leo, nia inayoombewa, Litania, na sala zisizosaliwa kila siku. Hapa kuna jambo ambalo watengenezaji wengi hawalitilii maanani. Matendo ya Mwanga yaliongezwa na Papa Yohane Paulo wa Pili Oktoba 2002. Waliofundishwa Rozari kabla ya hapo walikariri matendo 15, na Alhamisi walikuwa wakisali Matendo ya Furaha, Jumamosi ya Utukufu. Leo Alhamisi ni ya Mwanga na Jumamosi imehamia Furaha. Maana yake, wale wenye macho mabovu zaidi ndio wasiojua Matendo ya Mwanga kwa moyo. Kama kuna kurasa za kutengeneza kwa uangalifu kuliko nyingine zote, ni hizo tano za Alhamisi.

Macho ya wazee hayaharibiki kwa namna moja

Kuna mzee ambaye shida yake ni miwani tu. Huyo herufi kubwa inamsaidia moja kwa moja. Mwenye mtoto wa jicho ana shida nyingine: lenzi ya jicho imeingia ukungu, mwanga unatawanyika ndani, na weusi wa herufi unafifia kuelekea kijivu. Kwake karatasi inayong'aa ni adui kuliko herufi ndogo, na maandishi ya kijivu au ya rangi yanapotea kabisa. Kuna mwenye presha ya macho, ambaye anaona kama anachungulia kwenye bomba kwa sababu pembeni kumekufa. Na kuna ambaye katikati ya jicho ndiko kulikoharibika, kwa uzee au kwa kisukari, na anasoma kwa kutazama pembeni ya neno.

Wawili hawa wa mwisho wanavutana. Aliyeharibika katikati anataka herufi kubwa na zilizoachana. Aliyebaki na tundu dogo la kuonea, ukimkuzia mno, anaona herufi tatu nne kwa mara moja na neno zima halimkai machoni. Ndiyo maana siafiki msemo kwamba kadiri herufi inavyokuwa kubwa ndivyo inavyokuwa bora. Kwa kijitabu kimoja kitakachogawiwa wote, pointi 18 hadi 20 ndipo wengi wanapokutana. Na Kiswahili chenyewe kinaweka mpaka. Maneno yetu ni marefu kwa sababu mtenda, wakati na mtendwa vyote vinakaa ndani ya kitenzi. Kwa pointi 24 kwenye A5, mstari unaingiza herufi 27 au 28, na neno moja kama "tunaokukimbilia" linakula nusu yake. Ambaye pointi 20 haimsaidii anahitaji kioo cha kukuzia au mtu wa kumsomea.

Pima kwa rula

Pointi 18 ya fonti moja si sawa na pointi 18 ya nyingine. Namba hiyo inapima kisanduku ambamo herufi inakaa, haipimi herufi yenyewe. Chapa herufi ndogo "x" kwa Times New Roman ya 18, itakuwa na kimo cha milimita 2.8 hivi. Arial ya 18 inafika 3.3. Tofauti hiyo mzee anaiona bila kuambiwa. Lengo langu ni kwamba "x" iliyokwisha kuchapwa isipungue milimita 3, na ninaipima kwa rula ya shule kwenye karatasi, kwa sababu kwenye skrini unaweza kukuza na kupunguza upendavyo.

Times ina tatizo jingine: vijiti vyake vya mlalo ni vyembamba sana, na mwenye ukungu wa jicho anavipoteza, "e" ikaonekana kama "c". Kwa Kiswahili hilo si jambo dogo, kwani irabu moja inabeba mtenda. "Atuombee" na "utuombee" zinatofautiana kwa herufi moja ya mwanzo, moja inamsema Maria, nyingine inasema naye. Fonti inayofaa ni ile ambayo "a", "e", "o" na "u" zake haziwezi kuchanganywa hata ukikodoa jicho.

Arial inashinda hapo, lakini ina kasoro moja: "I" kubwa na "l" ndogo zinafanana. Sentensi zetu nyingi huanza na Ili, Ila, Ilikuwa, na msomaji anakwama kwenye vijiti viwili vilivyo sawa. Kwa sababu hiyo natumia Atkinson Hyperlegible, iliyotolewa na Braille Institute ya Marekani. Ilibuniwa kwa watu wenye uoni hafifu, inapakuliwa bure, "I" yake ina vikanyagio juu na chini, na "l" yake ina mkia. Kama mashine ya steshenari haina fonti hiyo, hifadhi kazi kama PDF yenye fonti ndani yake, vinginevyo itabadilishwa na nyingine bila kukuuliza na mistari yote itahama.

Italiki, yaani herufi za mlalo, haitumiki. Najua vijitabu vyetu vingi vinaweka maneno ya Maandiko kwa herufi za mlalo, lakini kwa macho haya herufi zilizoinama zinaegemeana. Sentensi nzima kwa herufi kubwa tupu nayo haifai, kwani maneno yote yanakuwa matofali ya kimo kimoja. Kinachobaki ni wino mzito, nao unatosha, mradi uupe kazi moja tu: maneno ya Kiongozi yawe ya kawaida, maneno ya Wote yawe mazito. Andika pia "Kiongozi" na "Wote" kwa ukamilifu. K na W peke yake ni herufi mbili ndogo zinazotegemea macho ambayo mtu hana.

Mstari uishe mahali pumzi inapoisha

Hapa ndipo kijitabu cha sala kinapoachana na gazeti. Chukua ukurasa wa A5. Acha milimita 20 upande wa mkunjo na 13 upande wa nje, unabaki na upana wa milimita 115. Kwa fonti ya pointi 18, mstari huo unaingiza herufi 37 hivi, nafasi zikiwemo. Ukiiachia kompyuta ipange Salamu Maria yenyewe, itakupa hivi:

Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu
nawe, umebarikiwa kuliko wanawake
wote, na Yesu mzao wa tumbo lako
amebarikiwa.

Hakuna kosa la tahajia, lakini jaribu kuisali kwa sauti pamoja na watu kumi. "Bwana yu" inaning'inia, jicho linasafiri kurudi kushoto, linatafuta "nawe", na kama limeangukia mstari usio wake, sauti inakatika. Safari hiyo ya kurudi kushoto ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kwa jicho bovu. Haiepukiki, lakini unaweza kuiweka mahali ambapo mtu anapumua hata hivyo:

Salamu Maria,
umejaa neema,
Bwana yu nawe,
umebarikiwa kuliko wanawake wote,
na Yesu mzao wa tumbo lako
amebarikiwa.

Mistari sita badala ya minne. Umepoteza nafasi ya mistari miwili, na msomaji akichelewa kuufikia mstari unaofuata hakuna anayegundua, kwani wote wako kwenye pumzi. Kwenye Word au LibreOffice Writer, vunja mstari kwa Shift+Enter, usitumie Enter peke yake, ili sala nzima ibaki aya moja na isiongezewe mwanya wa aya kila mstari.

Sala zote zipangwe hivyo. Maelezo marefu, kama yapo, yapangwe kwa kuegemea kushoto, upande wa kulia uachwe wenye vipembe. Usinyooshe pande zote mbili. Mstari wa herufi 37 una maneno matano au sita tu, na kompyuta ikilazimishwa kuunyoosha inaigawa nafasi iliyobaki kwenye mianya minne au mitano. Mwanya mmoja unaweza kuwa mara mbili au tatu ya kawaida, na mianya hiyo ikipangana mstari kwa mstari inafanya michirizi myeupe inayovuta jicho kwenda chini badala ya kulia. Kukata neno kwa kistari mwishoni mwa mstari nako kuzimwe kabisa.

Mwanya wa mistari nauweka `Exactly 24 pt` kwa herufi ya 18. Ukiwa mdogo mistari inabanana, na dalili yake utaiona kwa macho: mzee anarudia mstari aliokwisha kuusoma. Ukizidisha mno, kila mstari unasimama peke yake kama orodha na sala inakosa umbo.

Kurasa 36

Kwa mwanya huo, na urefu wa maandishi wa milimita 178, ukurasa unaingiza mistari 21. Namba hii ndiyo bajeti yako. Sasa angalia tendo moja linahitaji nini. Siku na jina la matendo, mstari mmoja juu kabisa. "Tendo la tatu", mstari mmoja. Tendo lenyewe, mistari mitatu au minne. Nia ya kuombea, mitatu au minne. Jumla ni kumi hivi, na imebaki nusu ya ukurasa.

Wengi hapo wangeingiza tendo la pili ili kuokoa karatasi. Mimi naweka Ee Yesu wangu, ile sala ya kufunga kila kumi, ambayo kwa mpangilio wa pumzi inakula kama mistari sita. Ndiyo, itachapwa mara 20 katika kijitabu kimoja. Lakini mzee akimaliza Salamu Maria kumi anaikuta iko pale pale chini ya macho yake, bila kurudi ukurasa wa sala za mwanzo. Karatasi ni rahisi kuliko kugeuza ukurasa kwa mkono mmoja. Mistari inayobaki iache wazi.

Matendo matano ni kurasa tano, namba witiri, nayo inaleta shida kwenye kijitabu chenye kurasa zinazotazamana. Ongeza ukurasa wa kufungulia kila fungu, wenye jina lake na siku zake kwa pointi 28 au 30, "Matendo ya Mwanga" na chini yake "Alhamisi", basi. Sasa kila fungu lina kurasa sita na yote manne yanaanzia upande wa kushoto. Kijitabu kizima kinakuwa hivi: ukurasa wa 1 ni utaratibu wa siku, wa 2 na wa 3 ni Nasadiki iliyotandazwa kurasa mbili zinazotazamana, wa 4 ni Baba Yetu, wa 5 ni Salamu Maria na Atukuzwe. Matendo yanaanza ukurasa wa 6 na kuishia wa 29. Salamu Malkia ukurasa wa 30, Litania wa 31 hadi 35, sala ya mwisho wa 36.

Kijitabu cha kukunja na kupiga pini katikati lazima kiwe na kurasa zinazogawanyika kwa nne, na 36 inagawanyika: karatasi tisa za A4 zilizokunjwa, na jalada juu yake. Usijaribu kutofautisha mafungu kwa karatasi za rangi. Wazo ni zuri lakini halitekelezeki, kwa sababu karatasi inayobeba ukurasa wa 6 ndiyo inayobeba ukurasa wa 31. Ukiyapa Matendo ya Furaha karatasi ya njano, nusu ya njano itatokea kwenye fungu la mwisho na kwenye Litania. Badala yake, siku iandikwe juu ya kila ukurasa wa tendo, na namba ya ukurasa iwe pointi 18 kama maandishi mengine. Namba ya pointi 9 chini ya kijitabu cha maandishi makubwa ni mzaha, na bado utaikuta kila mahali, kwa sababu namba ya ukurasa ina mpangilio wake na haifuati ulipochagua maandishi yote.

Litania inataka neno lake. Vijitabu vya kawaida huipanga safu mbili kwa ukurasa, na kila mstari unamalizikia kwa "utuombee". Kwa jicho linaloona katikati tu, safu ya pili haipo. Kwa jicho lililoharibika katikati, safu hizo mbili zinaingiliana. Weka safu moja, ombi moja kwa mstari mmoja, na uiondoe "utuombee" mwishoni mwa kila mstari. Iandike mara moja juu ya kila ukurasa, nzito, "Wote: utuombee", na irudie juu ya ukurasa unaofuata. Jibu likibadilika, kama pale mwanzoni penye "utuhurumie", badilisha maelekezo hapo hapo linapobadilika. Kila baada ya maombi matano acha mwanya wa nusu mstari, jicho lililopotea lipate pa kushika. Na kama unanakili kutoka kijitabu cha zamani, kumbuka kwamba Juni 2020 Papa Fransisko aliongeza maombi matatu, yanayohusu huruma, matumaini na wahamiaji. Yaandike kwa maneno yanayotumika jimboni kwenu, na maandishi yote yapitiwe na paroko kabla ya kuchapwa.

Karatasi na wino

Karatasi ya kawaida ya steshenari ni ya gramu 80. Kwa herufi kubwa nyeusi, nyuma yake panaonekana: shikilia ukurasa kwenye mwanga wa dirisha na utaona vivuli vya upande wa pili vikitembea kati ya mistari. Mwenye macho mazima havimsumbui, lakini mwenye mtoto wa jicho anaviona kama herufi zilizofifia na anajaribu kuvisoma. Gramu 100 inapunguza hilo sana, na unene wake unakisaidia kidole kuitenganisha. Iwe isiyong'aa, na ikipatikana ya rangi ya maziwa ni bora kuliko nyeupe kabisa, kwani weupe mkali chini ya taa unarudisha mwanga machoni.

Picha ya Bikira Maria ikae kwenye jalada. Mtindo wa kuiweka hafifu nyuma ya maandishi ya kila ukurasa unapendwa sana na wabunifu. Kwa wasomaji hawa ni sawa na kuwachafulia karatasi kabla ya kuwapa, kwa maana kila mahali picha inapopita chini ya herufi, weusi wa herufi unapungua thamani. Vivyo hivyo kwa visanduku vya kijivu na vichwa vya rangi ya bluu ya mawinguni.

Kila nakala ichapwe kutoka kwenye faili kwa mashine ya leza. Fotokopi ya fotokopi inafifia, na wino wa maji unachuruzika kidole kilicholowa kikipita. Kuhusu kufunga, gundi kwenye mgongo haifai kabisa, kwani kijitabu kinajifunga mara tu kidole kinapolegea. Pini mbili katikati zinatosha kwa karatasi tisa, ukikikunja na kukilaza usiku mmoja chini ya kitu kizito. Spairo inafunguka vizuri zaidi na inakunjika nyuma kabisa, nami ningeichagua kila mara, isipokuwa kwa Rozari mnyororo wake hunasa kwenye waya.

Kujaribu

Kabla ya kuchapa nakala mia, chapa kurasa mbili kwa ukubwa wa 16, 18 na 20, uzipeleke kwa wazee wachache mahali wanaposalia na saa wanayosalia. Saa kumi na mbili na nusu jioni, sebuleni, chini ya taa yao, na miwani yao wenyewe hata kama imekwaruzika. Wape wasome kwa sauti kitu wasichokijua. Ukimpa bibi Salamu Maria atakusomea vizuri sana hata ukurasa ukiwa juu chini. Mpe tendo la tatu la Mwanga, au nia mpya uliyoiandika mwenyewe.

Usimuulize kama anaona vizuri. Atasema ndiyo, mwanangu, kwa adabu. Mtazame. Akileta karatasi karibu na pua, herufi ni ndogo. Akiigeuza geuza kuelekea taa, karatasi inang'aa au wino hautoshi. Akirudia mstari, mwanya ni mdogo. Akifuata kwa kidole bila kukwama, mwache, kidole ni msaada wa kweli na pambizo pana za pembeni zinakipa nafasi. Akisoma herufi moja moja kwenye ukurasa wa pointi 20 lakini maneno mazima kwenye wa pointi 16, huyo huenda uwanja wake wa kuonea umebana. Ukimpata mmoja wa hivyo kati ya wengi, mchapie nakala yake peke yake.

Siku ya kuchapa simama karibu na mashine. Kwenye dirisha la kuchapa kuna chaguo la `Fit` na la `Actual size`, na mashine nyingi zimewekwa kwenye la kwanza, ambalo linaupunguza ukurasa asilimia kadhaa ili uingie ndani ya mipaka ya printa. Pointi 18 inateremka kuwa 17 na hakuna anayejua. Chaguo la `Booklet`, linalopanga kurasa zenyewe kwa ajili ya kukunja, nalo linaweza kupunguza vivyo hivyo. Kwa hiyo chapa nakala moja tu kwanza, ikunje, hakikisha ukurasa wa 6 uko kushoto na wa 7 kulia, kisha toa rula na upime "x".